Barua ya wazi kwa mnaosaini safari za timu za vijana: mpango wa dharura ufike hadi mlangoni kwa mzazi

Kwa wakuu wa shule, walimu wa michezo, viongozi wa klabu na wasimamizi wa ligi za vijana,

Nawaandikia ninyi kwa sababu basi la timu haliondoki mpaka mmoja wenu atie saini. Kabla ya kusaini mnaletewa orodha ya wachezaji, majina ya walimu watakaoongozana nao, gharama za usafiri na barua ya mwaliko kutoka kwa timu mwenyeji. Naomba muongeze karatasi moja: mpango wa dharura wa mechi hiyo ya ugenini, ulioandikwa kwa ajili ya uwanja huo na barabara hiyo. Usipokuwepo mezani, basi lisiondoke.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na siku zangu za mapumziko huwa nakaa benchi na timu za vijana kama mtoa huduma ya kwanza. Ningeweza kuandika juu ya mguu uliovunjika au kifua kilichobana kwa pumu. Nimechagua kichwa kilichogongwa, kwa sababu mguu uliovunjika kila mtu anauona na hakuna kocha atakayemwambia mtoto apande basi akaonane na daktari kesho. Mtoto aliyegongwa kichwa anaweza kuinuka, kujifuta vumbi, kumaliza mechi na kupanda basi akicheka na wenzake, huku dharura ikiwa imepanda naye.

Niwasimulie basi moja lililofika mlangoni petu usiku, nikiwa zamu. Alishushwa kijana wa miaka 15, amebebwa na wenzake wawili, jezi ina matapishi. Mwalimu aliyeingia naye alikuwa amechanganyikiwa, na simlaumu, kwa sababu alikuwa peke yake. Nilimuuliza mwalimu, mtoto aligongwa saa ngapi. Akasema ni kipindi cha pili, walipokuwa wanapiga kona. Alizimia? Hakuwa na uhakika, maana yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja akiwapanga wachezaji wa akiba. Ametapika mara ngapi? Waliokuwa wamekaa karibu naye nyuma ya basi walisema mara mbili, lakini walidhani ni mwendo wa gari. Ana mzio wa dawa yoyote? Hajui. Mzazi wake? Namba ilikuwa kwenye simu ya mwalimu mwenzake ambaye hakusafiri, na simu hiyo haipokelewi. Jina kamili tulilipata kwa mchezaji mwenzake.

Wakati huo wachezaji waliobaki walikuwa ndani ya basi kwenye maegesho, na dereva, bila mtu mzima mwingine. Wawili kati yao walikwishapiga simu nyumbani. Hivyo mama wa kijana yule alipata habari kutoka kwa jirani, ambaye naye alizipata kwa mwanawe, kwamba mtoto wake "amezidiwa na yuko hospitali", bila kuambiwa hospitali ipi. Picha ya kichwa ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Alihamishwa usiku uleule, akafanyiwa upasuaji, na alipona. Saa kadhaa za barabarani zilikuwa zimepita tangu alipogongwa, na barabara ile inapita jirani na hospitali zaidi ya moja.

Naomba muielewe vizuri hali hii ya damu, kwa sababu mpango mzima umejengwa juu yake. Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, mshipa unaopita chini ya mfupa unaweza kuchanika. Mtoto anaweza kuduwaa au kuzimia kidogo, kisha akarudiwa na fahamu akazungumza kama kawaida. Damu inaendelea kujikusanya, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo ndio unaobanwa. Kipindi hicho cha kuonekana mzima kinaweza kuwa cha dakika chache au cha saa kadhaa. Wengi wa wanaogongwa kichwa uwanjani hawapatwi na hili; wanapata mtikisiko wa ubongo, ambao unahitaji mapumziko na uangalizi na kwa kawaida hupona. Shida ni kwamba mwanzoni hao wawili wanafanana, na hakuna kocha, wala mimi nikiwa benchi, anayeweza kuwatofautisha kwa macho. Kinachowatofautisha ni mwenendo wao katika saa zinazofuata. Katika mechi ya nyumbani saa hizo mtoto huwa karibu na kwao. Katika mechi ya ugenini huwa barabarani, giza limeingia, na kila mtu amechoka.

Sasa tuufuate mpango wenyewe, nikianza na watu, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi inapovunjika.

Timu nyingi za vijana husafiri na kocha mmoja na dereva. Mchezaji mmoja akihitaji hospitali, mtu mzima lazima aende naye, na kundi linabaki bila mlezi. Kocha anapolijua hilo, anaanza kutafuta sababu za kuamini kwamba mtoto hajambo. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Amewekwa mahali ambapo uamuzi sahihi unamlazimu awaache watoto wengine wote. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni watu wazima watatu mbali na dereva: kocha, mtoa huduma ya kwanza, na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni simu na watoto. Huyo wa tatu anaweza kuwa mzazi aliyejitolea. Majina yao yaandikwe kwenye mpango, na mbele ya kila jina iandikwe kazi moja: nani anamhudumia majeruhi, nani anapiga simu, nani anabaki na timu. Kila mmoja awe na wa kushika nafasi yake, kwa sababu anayeumia anaweza kuwa kocha mwenyewe.

Mtoa huduma ya kwanza awe amepata mafunzo na cheti chake kiwe hai. Kupewa kisanduku cheupe chenye msalaba hakumfanyi mtu kuwa mtoa huduma. Na asiwe kocha. Kocha anaufuata mpira kwa macho na anataka kushinda. Mtu wa huduma ya kwanza anatakiwa kuwaangalia wachezaji walioachwa na mpira. Kijana yule aligongana na mwenzake kwenye kona, mpira ukapigwa mbele, macho yote yakaufuata. Muda aliokaa chini hakuna aliyeuona, na muda huo ndio daktari anaouuliza kwanza.

Akishuhudia kichwa kimegongwa, hatua ya kwanza ni kumfikia mchezaji kabla hajasimamishwa. Kama hajitambui, anasema shingo inauma, au ana ganzi mikononi au miguuni, achukuliwe kuwa ameumia shingo. Kichwa chake kishikiliwe kilivyo, asikalishwe wala asiburutwe kando ili mechi iendelee, mpaka wafike watu wenye vifaa. Akiwa hajitambui na anatapika, alazwe ubavu ili asipaliwe, watu kadhaa wakimgeuza kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda mstari mmoja. Kama anajitambua na shingo haina tatizo, ataulizwa maswali yanayotumika sana michezoni: tuko uwanja gani, ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga bao la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Ugenini swali la kwanza lina kasoro, maana mtoto mzima kabisa anaweza asilijue jina la uwanja alioingia kwa mara ya kwanza. Mimi huwatajia wachezaji jina la uwanja ndani ya basi, tunaposhuka, ili swali liwe halali.

Akikosea hata moja, anatoka. Akijibu yote sawasawa lakini anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, macho yake yana ukungu, anayumba au amepoa kuliko kawaida yake, anatoka pia. Msisubiri azimie, wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Na akishatoka, harudi siku hiyo, hata akililia, hata kama ni fainali. Hapa wasimamizi wa ligi mna mchango wenu. Tangu msimu wa 2024/25, IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, kinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada la kudumu kwa mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, lisilohesabiwa katika mabadiliko ya kawaida. Liingizeni kwenye kanuni zenu. Kocha aliyekwisha kumaliza mabadiliko yake hatabaki na wachezaji kumi kwa sababu ya kumlinda mtoto.

Nilitaja simu. Mtu wa simu ana karatasi, na nasisitiza karatasi, kwa sababu simu huisha chaji, huanguka kwenye maji, na hufungwa kwa namba ya siri anayoijua mwenyewe tu. Kwenye karatasi hiyo kila mchezaji ana mstari wake: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba mbili za wazazi au walezi walio kwenye simu tofauti, mzio, ugonjwa wa kudumu kama pumu, kifafa, kisukari au selimundu, dawa anazotumia, na kama mzazi amesaini ridhaa ya mtoto kutibiwa kwa dharura. Namba za wazazi zijaribiwe wiki hiyo ya mechi. Namba iliyoandikwa siku mtoto alipojiunga na timu mara nyingi imekwishabadilika. Karatasi iwe nakala mbili, moja kwa mtu wa simu na nyingine kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa sababu habari za ugonjwa wa mtoto si za kusomwa na basi zima. Baada ya safari zirudishwe na ziteketezwe.

Upande wa pili wa karatasi ni wa ugenini, na huo hujazwa kwa kuongea na timu mwenyeji kabla ya safari. Waulizeni mambo machache, lakini msikubali jibu la jumla. Namba gani huita gari la wagonjwa hapo kwenu, na kwa kawaida linachukua muda gani kufika? Kama halifiki, au huchelewa sana, ni gari gani litakuwa tayari uwanjani, na dereva wake ni nani? Geti ambalo gari linaweza kupita ni lipi, na ufunguo wake anao nani siku ya mechi? Hilo la ufunguo linaonekana dogo. Nimekaa na mtoto kwenye nyasi huku gari likisubiri nje ya geti na mlinzi amekwenda kununua chakula. Muulizeni pia mwenyeji namna ya kumwelekeza mgeni kufika uwanjani, muandike maelezo hayo kwa maneno, kwa sababu atakayepiga simu ya dharura ni mgeni, na atakapoulizwa "mko wapi" hatakuwa na jibu.

Simu yenyewe iwe fupi. Anasema yuko uwanja gani na njia ya kuufikia, namba anayopigia, ni mchezaji wa umri gani, nini kimetokea na saa ngapi, anajitambua au la, anapumua au la. Kisha hakati mpaka upande wa pili umkatie. Mtu mwingine, ikiwezekana wa timu mwenyeji, anakwenda kusimama barabarani kuliongoza gari.

Hospitali nayo inahitaji kuulizwa vizuri. Iliyo karibu na uwanja inaweza kuwa kituo kinachofunga mchana, au hakina daktari mwisho wa wiki. Kwa kichwa kilichogongwa mnataka kujua ni hospitali ipi ina mashine ya kupiga picha ya kichwa na ipi inaweza kufanya upasuaji au kumhamishia mgonjwa panapofanyika. Ziandikeni zote mbili, iliyo karibu na iliyo kamili. Mtoto ambaye hajitambui au anapumua kwa shida anapelekwa kwanza kwenye iliyo karibu inayoweza kumsaidia kupumua, na simu inatangulia ili wampokee wakiwa tayari. Anayejitambua lakini ana dalili za hatari anapelekwa moja kwa moja kwenye iliyo kamili kama umbali unaruhusu; mkiwa na shaka, piga simu hospitalini na uulize kabla ya kuwasha gari.

Dalili hizo za hatari naomba ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye mpango, na watu wazima wote watatu wazijue: kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, kuona vitu viwiliviwili, udhaifu au ganzi upande wa mwili, kuchanganyikiwa kunakozidi, fujo au kutotulia kusiko kwa kawaida yake, usingizi ambao ni vigumu kumwamsha, na kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache. Moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka hospitali sasa, kwa gari lililopo.

Na gari liwepo. Basi la timu lisitumike kwa shughuli nyingine wakati wa mechi. Dereva asiende kutembelea ndugu wala kuosha gari. Liegeshwe likiangalia nje, mafuta yawe ya kutosha kwa safari ya hospitali na ya kurudi nyumbani, na dereva awe mahali anapoweza kuonekana. Hata hivyo, basi lisiwe gari la kwanza la kumpeleka majeruhi, kwa sababu likiondoka, timu nzima inabaki bila usafiri au inalazimika kwenda hospitali yote. Ndiyo maana ya kuombana na mwenyeji gari dogo. Ndani ya gari hilo kuna dereva na mtoa huduma ya kwanza aliyekaa na mtoto kiti cha nyuma. Mtu anayeendesha hawezi kumwangalia mgonjwa.

Mtoa huduma akiondoka, uwanja umebaki bila huduma. Amueni mapema, na muandike, kwamba mechi inaendelea tu kama mwenyeji ana mtoa huduma wake aliyekubali kuzihudumia timu zote mbili. La sivyo mwamuzi anaisimamisha. Uamuzi huo ukiachwa ufanywe palepale, matokeo yakiwa bao moja kwa moja, utafanywa vibaya.

Hapo mpango wa kawaida unaishia. Wangu hauishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo sababu kubwa ya barua hii.

Tuseme mchezaji ametolewa kwa kugongwa kichwa dakika ya 55. Hana dalili ya hatari hata moja. Anaumwa kichwa kidogo, anataka kuangalia mechi. Filimbi ya mwisho inalia, na safari ya kurudi ni ya saa tatu. Je, apande basi?

Msimamo wangu, ambao nimeujenga kwa kuwapokea hawa watoto, ni kwamba safari ikizidi saa moja, mtoto huyo aonwe na mhudumu wa afya kabla basi halijaondoka, na timu imsubiri. Mwongozo wa kimataifa unaotumika michezoni unataka mtu anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo asiachwe peke yake, hasa katika saa za mwanzo. Saa hizo ndizo basi linazitumia barabarani. Ikiwa aliyemwona ameruhusu safari, basi mpango unaendelea ndani ya gari. Mtoto anakaa viti vya mbele, taa ya ndani ya eneo hilo inawashwa, na mtoa huduma ya kwanza anakaa ubavuni pake. Kila robo saa anamwuliza maswali mawili matatu ya yale ya uwanjani na kuandika majibu na saa. Akisinzia anaamshwa. Usingizi wenyewe haudhuru ubongo; ila ndani ya basi la giza hakuna awezaye kusema huu ni uchovu wa mechi na huu ni ubongo unaobanwa, mpaka amemwamsha na kumsikia anazungumza. Asipewe dawa ya maumivu kutoka kwenye begi la mtu. Aspirini na dawa za jamii yake zinaweza kuongeza kuvuja damu, na dawa za usingizi huficha kile tunachokitafuta. Akitapika ndani ya basi, hata kama barabara ina kona nyingi, msiulize kama ni mwendo wa gari. Amegongwa kichwa na ametapika, mnakwenda hospitali.

Hospitali gani? Hapa ndipo napenda mpango ubebe kitu ambacho sijakiona kwenye karatasi za timu nyingi: orodha ya hospitali zilizo kando ya barabara ya kurudi, kwa mpangilio wa zinavyofuatana, pamoja na namba za simu na umbali wa takriban kati ya moja na nyingine. Inachukua jioni moja kuiandaa kwa ramani na simu chache. Dereva awe na nakala yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua basi limefika wapi. Basi lile la usiku ule lilipita hospitali bila yeyote ndani yake kujua kwamba taa zile za kando ya barabara zilikuwa za hospitali.

Nije kwa wazazi. Anayewapigia ni mmoja, yule mtu wa simu, na anapiga mara tu uamuzi wa kumpeleka mtoto hospitali unapofanyika, bila kungoja majibu ya daktari. Kabla hajapiga, mwingine anawaomba wachezaji wasitume habari wala picha mpaka mzazi wa mwenzao apatikane; watoto huelewa wakiambiwa sababu. Maneno ya kwanza huamua mzazi atasikia kiasi gani cha yanayofuata. "Mwanao amepata ajali" humfunga mtu masikio. "Usijali, hajambo" ni ahadi ambayo hakuna aliye benchi anayeweza kuitoa. Mimi ningesema hivi:

"Shikamoo mama. Naongea kutoka kwenye timu, mimi ndiye ninayesimamia mawasiliano leo. Mwanao amegongwa kichwa kwenye mechi saa tisa na dakika hamsini. Anajitambua na anazungumza, lakini ametapika mara moja, kwa hiyo tunampeleka hospitali sasa hivi." Hapo ataje jina la hospitali na mji, ataje nani amekaa naye garini na namba yake, kisha aulize: ana mzio wa dawa? Anatumia dawa yoyote? Unaridhia atibiwe? Amalizie na saa: "Nitakupigia tena saa kumi na nusu, hata kama sina jipya." Na saa hiyo apige. Mzazi aliyeahidiwa simu akaipata anaweza kukaa chini akapanga safari yake. Kila simu iandikwe saa na jibu. Namba ya kwanza isipopokelewa, ya pili. Zote zikishindikana, ujumbe mfupi wenye maneno yaleyale, kisha kiongozi aliyebaki nyumbani atume mtu. Kiongozi huyo naye awe na jina kwenye mpango, na simu yake iwe wazi mpaka basi lirudi.

Kuna simu ya pili inayosahaulika zaidi. Ni ya mzazi wa mtoto ambaye hakupelekwa hospitali, au alionwa akaruhusiwa. Huyu naye lazima aambiwe kabla basi halijafika, kwa sababu usiku huo yeye ndiye atakayekuwa mwangalizi. Mtoto aliyegongwa kichwa asishushwe njiani atembee peke yake hadi nyumbani. Akabidhiwe kwa mtu mzima, mkono kwa mkono, na karatasi ndogo yenye zile dalili za hatari, saa aliyogongwa, na majibu aliyokuwa akitoa njiani. Kama anaishi bweni, anakabidhiwa mlezi wa bweni kwa utaratibu uleule, na halali chumba ambacho hakuna anayejua kilichompata. Kesho yake hafanyi mazoezi, na harudi kwenye mchezo wa kugongana mpaka mhudumu wa afya amruhusu.

Nilisema nimeweka mkazo kwenye kichwa, lakini siwezi kuifunga barua bila kumtaja anayeanguka ghafla bila kuguswa na mtu. Huyo mchukulieni kuwa moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama anahema kwa kukatakata, kwa sababu mihemo hiyo si kupumua. Kifua kikandamizwe palepale, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu akimbilie mashine ya kushtua moyo, ile yenye maandishi AED. Fabrice Muamba wa Bolton alianguka hivyo Machi 17, 2012, akiwa ugenini kwenye uwanja wa Tottenham, na moyo wake ulikaa dakika 78 kabla haujapiga tena. Aliishi. Walianza kumhudumia akiwa bado kwenye nyasi. Kwa hiyo katika maswali kwa mwenyeji ongezeni hili: mashine hiyo ipo? Iko chumba gani, na chumba hicho hufungwa? Kama haipo, mjue kabla ya safari, na idadi ya watu wenu wanaojua kukandamiza kifua iwe zaidi ya mmoja.

Najua mtakachoniambia kuhusu mtu wa tatu: nafasi ya kwenye basi, posho yake, ruhusa ya kazini. Kama bajeti inabeba watu wazima wawili tu, basi punguzeni umbali wa mechi kabla ya kupunguza watu, au ombeni mwenyeji atoe mtoa huduma ya kwanza na gari, kwa maandishi, na mmoja wenu apige simu asubuhi ya mechi kuhakikisha kwamba ahadi ipo. Asipopatikana mtu huyo asubuhi hiyo, ahirisheni. Wasimamizi wa ligi, kanuni zenu ziseme wazi kwamba timu inayoahirisha kwa sababu hiyo haipotezi pointi, na kwamba mwenyeji aliyeahidi akashindwa ndiye anayewajibika.

Naomba mpango huo ufike mezani kwenu siku tatu kabla ya kila mechi ya ugenini, ili ubaki muda wa kupiga simu zinazokosekana. Mnapousoma, anzeni na upande wa nyuma: ufunguo wa geti, gari la mwenyeji, hospitali za njiani. Palipo wazi, mrudishieni mwalimu na kalamu. Mwalimu asiye na wa kumsaidia kuujaza aniletee mimi, au muuguzi yeyote wa kitengo cha dharura aliye karibu naye. Hatutachukua zaidi ya jioni moja.

Wenu,
Muuguzi wa kitengo cha dharura na mtoa huduma ya kwanza wa timu za vijana